YAH: Mwaliko wa Kujiunga na Jopo la Ushauri wa Tasnifu

3 Machi 2025

Kwako Profesa,

Salamu na heri ya kazi. Ninasimamia mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayechunguza sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa, akilinganisha mifuko isiyopitisha hewa na magunia ya kawaida. Ninakuomba uwe mjumbe wa tatu wa jopo lake la ushauri. Wawili waliopo ni mtaalamu wa kuvu na mtaalamu wa uhifadhi wa nafaka.

Tunachokosa ni jicho lako kwenye sampuli. Unajua jinsi sumukuvu isivyoenea sawasawa: punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu iliyo guniani, na vipimo vizuri vya maabara haviwezi kuokoa sampuli iliyochotwa vibaya. Pendekezo lake, nililoambatanisha, linasema atachota mahindi juu ya gunia tu. Mimi sijaridhika. Yeye anaona wingi wa magunia utafidia, na ningependa hoja hiyo ipimwe na mtu anayeijua kazi hii kuliko sisi wawili.

Jopo litakutana mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwa njia ya video, kila kikao kikichukua muda wa saa mbili. Wiki mbili kabla utapokea ripoti isiyozidi kurasa 15. Kati ya vikao utasoma sura moja au mbili zinazogusa usanifu wa utafiti na takwimu. Tunaomba maoni ya maandishi ndani ya wiki tatu. Kwa hesabu yangu ni takribani saa 16 kwa mwaka katika miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa tatu, wa uandishi, zinaweza kufika 30, na sitaki ushtuke baadaye. Huhitajiki kuhariri lugha wala kumfuatilia mwanafunzi kila wiki; hilo ni jukumu langu.

Ukiona kazi haisongi, useme kikaoni mbele yake, hata kama mimi ndiye niliyempotosha. Jopo halipigi kura ya kufaulu au kufeli, ila mapendekezo yake huingia kwenye faili lake la maendeleo. Jambo moja la kupima kabla ya kukubali: ukiwa mjumbe hutaweza kuteuliwa kuwa mtahini wa nje wa tasnifu hii. Na kama una maslahi yoyote kwa watengenezaji wa mifuko hiyo, tafadhali tujulishe mapema. Kazi hii haina malipo, bali chuo kitakupa barua ya utambuzi kila mwaka.

Naomba jibu kufikia 21 Machi, ili uwahi kikao cha kwanza cha Aprili. Ukipenda tuzungumze kwanza kwa simu, niandikie siku inayokufaa. Na ikiwa nafasi haipo, jina la mwenzako unayemwamini kwenye sampuli litatusaidia sana.

Wako katika kazi,

Msimamizi Mkuu wa Tasnifu
Idara ya Sayansi ya Chakula

Kiambatisho: Pendekezo la utafiti