YAH: MAPENDEKEZO YANGU KUHUSU MASHARTI NA MALIPO YA KUPUNGUZWA KAZI, NAFASI YA MSIMAMIZI WA GHALA, IYUNGA

Msimamizi wa Ghala,
Ghala la Iyunga,
Mbeya.

25 Machi, 2024

Meneja Rasilimali Watu na Utawala,
Ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yako ya tarehe 18 Machi, 2024 inayonijulisha kwamba usimamizi wa maghala ya Iyunga, Tunduma na Makambako utaunganishwa chini ya msimamizi mmoja atakayekaa Makambako, kwamba nafasi yangu itafutwa, na kwamba siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 15 Aprili. Barua hiyo imeambatana na fomu ya makubaliano ambayo natakiwa kuisaini ifikapo tarehe 29 Machi, ikiwa na tamko kwamba nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote dhidi ya Kampuni. Nashukuru kwamba jambo hili limeletwa kwangu kwa maandishi, nami najibu kwa maandishi ili kila upande uwe na kumbukumbu ya kilichopendekezwa na kilichokubaliwa.

Sipingi haki ya Kampuni kupanga upya shughuli zake. Naelewa pia gharama za kuendesha maghala matatu katika barabara moja ya Tunduma hadi Makambako, maana nimeziona kwenye leja. Ninachoomba ni kwamba masharti ya kuondoka kwangu yajadiliwe kabla hayajafungwa, kwa sababu kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wanaohusika kuhusu sababu za upunguzaji, njia za kuuepuka au kuupunguza, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda wake, na malipo ya kiinua mgongo. Barua yako inaitwa taarifa ya kusudio, lakini ndani yake tarehe ya mwisho imekwishapangwa na kiasi cha fedha kimekwishaandikwa. Naiomba ofisi yako ichukulie barua hii kuwa mwanzo wa mashauriano hayo, na iahirishe tarehe ya kusaini fomu, ambayo kwa kalenda inaangukia Ijumaa Kuu, hadi tarehe 12 Aprili.

Naanza na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo penye tofauti kubwa. Jedwali la malipo limekadiria kiinua mgongo changu kuwa shilingi 2,426,667, kiasi kilichopatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa shilingi 1,040,000 kwa siku 30 na kuzidisha kwa siku 70, yaani siku 7 kwa kila mwaka kwa miaka 10. Kigawanyo cha siku 30 si sahihi. Jedwali la Kwanza la Sheria hiyo linaelekeza kwamba mshahara wa mwezi ukibadilishwa kuwa wa siku ugawanywe kwa 4.333 mara idadi ya siku ambazo mfanyakazi hufanya kazi kwa wiki. Mkataba wangu ni wa siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na rejista ya mahudhurio ya getini inaonyesha hivyo. Kwa hiyo kigawanyo ni takriban 26, mshahara wangu wa siku ni shilingi 40,003, na siku 70 ni shilingi 2,800,210. Tofauti ni shilingi 373,543. Naamini ni kosa la ukokotoaji na wala si nia ya mtu yeyote, lakini ni fedha ya karo ya mtoto, na hata kama tusingekubaliana jambo jingine lolote, hili lingepaswa kurekebishwa. Naomba pia ofisi ikague hesabu za wenzangu wa Tunduma waliopewa jedwali kama langu.

Jambo la pili ni kiwango chenyewe. Barua yako inasema malipo yaliyopendekezwa ni kwa mujibu wa sheria, na ni kweli kwamba kifungu cha 42 kinataja siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Hata hivyo kifungu hicho kinaweka kiwango ambacho mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, na hakimzuii kulipa zaidi kwa makubaliano. Nimeajiriwa tangu tarehe 2 Mei, 2011. Tukiishia kwenye kiwango cha chini, miaka yangu yote baada ya wa kumi itahesabika kama ambayo haikufanyiwa kazi, wakati ndiyo miaka ambayo ghala la Iyunga limebeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote. Katika misimu ya mbolea ya ruzuku kuanzia 2022, tulipakia na kupakua hadi usiku kwa wiki kadhaa mfululizo ili mawakala wa Mbozi, Rungwe na Chunya wasirudi mikono mitupu kwa wakulima waliokwisha kujisajili. Ukaguzi wa Juni 2023 ulikuta tofauti ya mifuko 3 tu ya urea kati ya shehena ya mwaka mzima. Sijawahi kupewa barua ya onyo. Kumbukumbu hizi zote ziko katika jalada langu, na naomba zisomwe kabla ya kiwango kuamuliwa.

Kwa sababu hizo napendekeza kiinua mgongo cha mshahara wa siku 14 kwa kila mwaka uliokamilika, bila kikomo cha miaka 10. Kwa miaka 13 ni siku 182, sawa na shilingi 7,280,546. Najua kiasi hiki ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha chini, na kama kukitoa kwa mkupuo kutabana bajeti ya mwaka unaoishia tarehe 30 Juni, niko tayari kupokea nusu siku ya mwisho kazini na nusu ya pili kabla ya tarehe 31 Julai, mradi tarehe zote mbili ziandikwe ndani ya makubaliano. Napenda pia jedwali jipya lionyeshe kodi itakayokatwa kwa kila kipengele, ili nijue nitakachopokea mkononi.

Miaka 13 itatimia mwanzoni mwa Mei, na hapo ndipo suala la tarehe linapoingia. Napendekeza notisi ya siku 28 itolewe baada ya mashauriano kukamilika, tarehe 3 Mei, na ajira yangu ikome Ijumaa tarehe 31 Mei, 2024. Muda huo una manufaa kwa Kampuni vilevile. Ghala lina mbegu za mahindi zilizobaki msimu uliopita ambazo zinapaswa kutenganishwa kwa tarehe za kuisha muda wake, kuna mbolea ya mawakala ambayo hati zake za kuchukulia bado ziko wazi, na msimamizi wa Makambako hajawahi kuhesabu ghala hili. Niko tayari kufanya hesabu kamili pamoja naye, mfuko kwa mfuko, na kusaini hati ya makabidhiano mbele ya mkaguzi wa ndani. Nikiondoka tarehe 15 Aprili, kazi hiyo haiwezi kufanyika kwa ukamilifu, na sitakuwa na namna ya kujibu upungufu utakaoonekana baada yangu. Kwa upande wangu, mwisho wa Mei utaniwezesha kuhamisha watoto wakati wa likizo ya shule badala ya kuwatoa darasani katikati ya muhula.

Jedwali halikutaja likizo. Desemba 2023 niliombwa kwa barua kuahirisha wiki mbili za likizo yangu kwa sababu ya msimu, nami nikakubali. Wiki hizo, ambazo ni siku 12 za kazi, zina thamani ya shilingi 480,036 na naomba ziingizwe, pamoja na likizo ninayoendelea kuilimbikiza hadi siku ya mwisho.

Kuhusu usafiri, niliajiriwa nikiwa Makambako, na jedwali limeweka nauli ya basi. Natambua kwamba sheria inampa mwajiri zaidi ya njia moja ya kutimiza wajibu huu na kwamba posho isiyopungua nauli ni mojawapo. Lakini baada ya miaka yote hii mizigo ya nyumba yangu haiwezi kupanda basi. Lori la Kampuni huenda Makambako karibu kila wiki, na mara nyingi hurudi likiwa limebeba zaidi kuliko lilivyokwenda. Naomba safari moja ya lori hilo ibebe vyombo vyangu katika wiki ya kwanza ya Juni, na nauli ya basi ilipwe kwangu na kwa familia yangu ya watu watano. Ikiwa safari itachelewa kupita siku ya mwisho ya ajira, posho ya kujikimu kwa siku za kusubiri ilipwe kama sheria inavyotaka.

Nimeangalia taarifa ya michango yangu NSSF na miezi ya Novemba na Desemba 2023 haionekani, ingawa makato yamo katika hati zangu za mshahara. Naomba michango hiyo, sehemu yangu na ya mwajiri, iwasilishwe kabla sijaondoka. Naomba vilevile barua ya kusitisha ajira itamke wazi kwamba nimepunguzwa kwa sababu za kiuendeshaji na kwamba sikuacha kazi kwa hiari, kwa kuwa maneno hayo yanahitajika nitakapoomba fao la kukosa ajira, na cheti cha utumishi nikabidhiwe siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, lipo swali ambalo barua yako haikuligusa. Nafasi ya karani wa mizani Makambako inashikiliwa na kibarua tangu Januari. Naifahamu kazi hiyo, mji huo ni nyumbani, na niko tayari kujadili mshahara unaolingana nayo. Kama Kampuni itaona inafaa kunihamishia huko, mengi niliyoandika hapa hayatakuwa na haja. Kama haitaona hivyo, naomba nielezwe sababu kwa maandishi, pamoja na vigezo vilivyotumika kumchagua msimamizi mmoja kati yetu watatu.

Nashauri tukutane Alhamisi tarehe 4 Aprili saa 4 asubuhi ofisini kwako, nami nitaomba kufuatana na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nia yangu ni tumalize jambo hili mezani. Sijalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ingawa barua hii haiondoi haki yangu ya kufanya hivyo iwapo mashauriano hayatazaa makubaliano. Hadi hapo nitaendelea na majukumu yangu kama kawaida, na fomu uliyonitumia nairudisha pamoja na barua hii bila saini.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Ghala, Iyunga

Nakala:
Meneja wa Kanda, Mbeya
Mwenyekiti wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi, Iyunga