Viziwi wawili kwenye darasa langu la tano, na huu ujumuishi tunaouimba kwenye semina

Shule nyingi ukiuliza kama ni jumuishi unajibiwa ndio, fasta kabisa, na ushahidi ni rejista: mtoto mwenye ulemavu kaandikishwa, ana dawati, ana sare, takwimu yake imeshaenda wilayani. Mi nafundisha Sayansi darasa la tano hapa Tabora mjini, watoto wanazidi sabini na kati yao wawili wana uziwi, na kadiri navyoendelea nao naona hilo la rejista ni dogo sana. Kikubwa ni kwamba kwenye zile dakika 40 za kipindi, ni kiasi gani cha yanayotokea mle ndani kimemfikia mtoto. Na siongelei notisi za ubaoni, hizo zinafika. Naongelea swali la mwenzake wa dawati la nyuma, utani niliotupa watu wakacheka, ile "hapana, hebu rudia tena", mtu kaitwa ofisini. Nusu ya somo ni maongezi ambayo hayajaandikwa popote, na mtoto asiyesikia anakosa nusu hiyo huku kakaa mbele kabisa, sare safi, daftari limejaa.

Kwanza hawa wawili hawafanani, ingawa pale stafu watu wanawaita kwa mkupuo tu "wale viziwi". Binti anasikia kiasi, anaongea, anavaa shime sikio. Mvulana alipata homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule, hasikii maongezi kabisa, lugha yake ni ya alama. Kinachomsaidia mmoja mwenzake hakimsaidii chochote, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini kwenye elimu jumuishi wanasisitiza uangalie kikwazo anachokutana nacho mtoto badala ya jina la ulemavu wake.

Chukua shime sikio. Watu wanadhani ukishavaa basi, umepona. Kile kifaa kinakuza kila kitu, sauti yangu, viti vinavyoburuzwa, darasa la sita wanaoimba upande wa pili wa ukuta, na ukiwa mbali na anayeongea kinakuza zaidi fujo kuliko maneno. Darasa letu ni bati tupu halina dari, sasa mvua ya Januari ya hapa Tabora ikianza kupiga hata mimi mwenyewe sijisikii, na siku hiyo binti hana tofauti na mwenzake. Afu kuna suala la betri. Ni kadogo kama punje ya mbaazi, kana kastika juu, ukikabandua tu hewa inaingia na betri inaanza kuisha hata kama hujaiweka kwenye kifaa. Bibi yake alikuwa anazibandua zote mapema ili ziwe tayari, masikini, akijua anamrahisishia mjukuu. Nilipomweleza alicheka sana, akasema "kumbe mwalimu ndo maana zinakufa kabla ya kutumika". Kwenye maduka ya mtaani hizo betri hamna, kwa hiyo hicho kikastika ndo tofauti ya wiki ya kusoma na wiki ya kukisia.

Ule ushauri wa kila siku wa "muweke mbele" nao una walakini. Ukimkalisha katikati ya mstari wa mbele anamuona mwalimu vizuri, ila wenzake wote wako mgongoni kwake, kwa hiyo kila anapoongea mtu mwingine yeye anageuka amechelewa, anakuta jibu limeshapita. Mi nimewaweka mstari wa pili pembeni, dawati limekaa mshazari, wanamuona mwalimu na wanaona karibu darasa zima. Dirisha liko nyuma yao, sio nyuma yangu, kwa sababu nikisimama na mwanga mgongoni uso wangu unakuwa giza tu na midomo haionekani. Hata ikionekana bado ni ya kubahatisha. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, sema bila sauti baba, papa, mama. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu! Mtoto anayesoma midomo anajazia mengine kwa akili na kwa mazingira ya habari, na hiyo kazi inachosha, ndo maana ikifika saa sita binti anaanza kuonekana kama havutiwi na somo wakati kachoka kweli.

Tukawekeana utaratibu, anayejibu ananyoosha mkono, anasimama, anaonekana, ndipo anaongea, na mimi naandika neno kuu la jibu lake ubaoni kabla ya kwenda kwa mwingine. Mwanzoni unachelewesha kipindi, sikatai. Lakini waliofaidika sio hao wawili tu. Kuna watoto kutoka kata za pembeni ambao nyumbani ni Kinyamwezi moja kwa moja, Kiswahili cha kisayansi kinawapita juu, nao wakaanza kushika kwa sababu neno liko pale limeandikwa na kichwa kimepata muda wa kupumua. Hilo ndilo linaloelezwa kwenye usanifu wa ujifunzaji kwa wote, kwamba toa maarifa kwa njia zaidi ya moja, ruhusu mtoto aoneshe anachojua kwa njia zaidi ya moja, mpe zaidi ya sababu moja ya kushiriki. Kwenye semina inasikika kama kitu cha nchi zenye projekta kila darasa. Kwangu ni chaki na nidhamu ya kusubiri.

Mada iliyonikalisha macho ni ya sauti. Utafundishaje sauti, mtoto kiziwi akiwemo, bila kumfanya mtazamaji? Kuna mwenzangu alinishauri kiroho safi nimpe kazi ya kuchora siku hiyo. Nilikataa, maana somo lenyewe linasema sauti hutokana na mtetemo, na mtetemo unashikika. Nikakata puto nikalivuta juu ya kopo la maziwa, nikalikaza kwa raba, nikanyunyiza chumvi juu, mtoto mmoja akagonga sufuria kwa karibu na chumvi ikaanza kurukaruka. Kelele za darasa hapo usiseme. Halafu tukatoa zile ngoma mbili za shule, kubwa na ndogo, kila mtu aweke viganja na afumbe macho, aseme ipi imepigwa. Wanaosikia walijibu kwa masikio, mvulana wetu akajibu kwa viganja na kifua na akapatia, kisha akaonesha kwa vidole kwamba ile kubwa inatikisika taratibu na kwa nguvu, ndogo inatikisika haraka. Yaani alieleza masafa, ile kasi ya mtetemo kujirudia, kabla sijayafundisha. Wenzake wakamuigiza vidole, na hadi leo wakijibu swali la sauti wengine wanafanya ile ishara chini ya dawati.

Baadaye akauliza, kupitia mwalimu wa kitengo cha viziwi aliyekuwa ametutembelea, kwamba huo mtetemo ukifika kwenye sikio lake unaenda wapi. Nikachora ubaoni, ngoma ya sikio inatikisika, vile vimifupa vitatu vinapitisha, mpaka kwenye koklea kule ndani ambako kuna vinywele vidogo sana vinavyougeuza mtetemo kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo, na ule ugonjwa uliharibu huko ndani. Mtetemo unafika, ila hapo unakosa wa kuupokea. Akatikisa kichwa kwamba kaelewa, akachora mchoro ule kwenye daftari kwa makini kuliko nilivyochora mimi. Mtoto mwingine akauliza kama uziwi unaambukiza. Swali zuri, na lilijibiwa hadharani badala ya kunong'onwa: hauambukizi.

Ila hapo palifanikiwa kwa sababu mwalimu wa kitengo alikuwepo. Siku ambazo hayupo, chaki yangu na mshazari wa dawati vinambeba binti, mvulana vinambeba nusu njia tu. Mi najua alama za kuendeshea darasa na maneno ya somo, nanyanyua nyusi kwenye swali kama inavyotakiwa, lakini kujua alama mia kadhaa na kuongea lugha ni vitu viwili tofauti. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, sio Kiswahili kilichowekwa mikononi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, wakaazimia kusemesha midomo ndo bora kuliko alama, na uamuzi ule umewatesa viziwi wa dunia nzima miaka mingi, shule zikawakataza watoto kutumia mikono yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, kwenye kifungu cha 24 unataka kinyume chake: mtoto kiziwi awezeshwe kujifunza lugha ya alama na utambulisho wa kilugha wa jamii ya viziwi ukuzwe. Mwaka uliofuata tukatunga na sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mkalimani au mwalimu anayejua alama hapaswi kuchukuliwa kama fadhila ya mkuu wa shule akipata nafasi.

Kwenye kupima ndo napata hasira kidogo. Majaribio ya imla, mwalimu anasoma watoto wanaandika, unampa mtoto kiziwi karatasi hiyo halafu unamwandikia sifuri kwa wino mwekundu. Sifuri ya nini sasa? Mwalimu wa Kiswahili tukakubaliana kwa hao wawili maneno yaoneshwe kwa picha au kwa alama, wao waandike, tahajia inapimwa vilevile. Kwenye Sayansi mvulana anaandika "maji jua joto mvuke kwenda juu", viambishi hamna, lakini mvukizo kauelewa mzima mzima. Natoa alama zote za sayansi na pembeni namwandikia sentensi kamili ajifunze. Kuna wanaoniambia mtihani wa taifa hautambembeleza hivyo, na wana hoja, ndo maana sentensi naiandika kila mara. Ila kumnyima alama ya mvukizo kwa kosa la kiambishi ni kupima kitu nisichokuwa nakipima.

Kitu ambacho bado sijakimaliza kichwani ni upweke. Tamko la Salamanka la 1994, la kimataifa kuhusu elimu ya mahitaji maalumu, linazisukuma shule za kawaida zipokee watoto wote, naliunga mkono, lakini tamko hilohilo linasema kwa viziwi suala la mawasiliano linaweza kufanya shule au kitengo chao kiwafae zaidi. Tabora hapa tuna shule ya viziwi tangu 1963, na mvulana akienda pale likizo au kwenye michezo ya pamoja unaona mtoto mwingine kabisa, mikono haitulii, anabishana, anatania. Kwangu ana rafiki mmoja wa dawati aliyejifunza alama kwa kasi ya ajabu, na mapumziko wanacheza mpira bila shida, ila rafiki mmoja akiugua malaria basi wiki nzima hana wa kuongea naye. Nikiambiwa kumhamisha ni kurudi nyuma kwenye ujumuishi nasita kukubali, na nikiambiwa kubaki ndo haki yake nasita pia.

Mama yake kaomba tuonane Jumatano hii tuzungumzie darasa la sita asome wapi. Nimemwambia mkuu kikao kisifanyike bila mtoto mwenyewe, na mwalimu wa kitengo kakubali kuja kutafsiri.