Jumbe tatu kwa fundi wa kitanda

Tarehe 2 nilimlipa fundi wa Keko laki tano, kianzio cha kitanda cha mninga. Bei yote ni laki tisa. Kitanda ni zawadi ya mdogo wangu anayeolewa. Tarehe 12 niliomba picha ya kazi ilipofikia, tarehe 15 nikauliza tena. Tiki za bluu zikatokea mara zote mbili, jibu halikuja. Kuanzia hapo kila ujumbe niliuandika mara mbili: kwanza kwa hasira, kisha ule niliotuma.

JUMANNE, TAREHE 17

Niliofuta:
"Fundi, unaniona mjinga? Meseji unasoma, hujibu. Hela umekula, kitanda hakuna. Nakuja na polisi!"

Niliufuta kwa sababu hauna hata swali moja la kujibika. Tena neno polisi likishatoka halirudi, na kitanda bado nakihitaji.

Niliotuma:
"Kaka, habari za kazi? Natumaini nyumbani ni wazima. Ni mimi dada wa Mbagala, wa kitanda cha futi 5 kwa 6 chenye droo mbili. Nilikuandikia tarehe 12 na tarehe 15, nadhani kazi zimekubana. Leo naomba kujua kitu kimoja tu: mbao zimeshakatwa? Ukiandika 'tayari' au 'bado' inanitosha. Nauliza mapema kwa sababu vanishi inataka muda wa kukauka kabla ya kupakia kwenye kirikuu, nisingependa uje kuifanya usiku kwa haraka. Kazi njema, kaka."

ALHAMISI, TAREHE 19

Bluu tena. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakata.

Niliofuta:
"Kama kazi imekushinda sema, mafundi wamejaa mjini."

Hapa hasira ilikuwa imechanganyika na hofu. Nilimwona akilini mdogo wangu siku ya shughuli, watu wanauliza kitanda kiko wapi. Kwa hiyo niliamua kumwambia hofu yenyewe, na kumwachia njia ya kusema ukweli bila kuaibika.

Niliotuma:
"Kaka, za tangu juzi? Leo nimepiga saa tatu na saa kumi, nikahisi uko kwenye mashine, nikaacha. Kesho ndiyo tarehe 20 tuliyokubaliana. Sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi tarehe 28. Godoro nimeshanunua, liko sebuleni limeegemea ukuta.

Naomba niseme wazi, na kwa nia njema. Najua kazi zenu: mbao zinapanda bei, kianzio cha mteja huyu kinamalizia kazi ya yule, umeme nao unakatika. Kama ndivyo ilivyotokea sitagomba. Kinachonitesa ni kutojua. Niambie tu: kitakuwa tayari tarehe 25? Au kimekwama kwa sababu ya mbao? Kama ni mbao, nielekeze duka, nitamlipa muuzaji mwenyewe na tutakata kwenye ile laki nne iliyobaki. Au hakitawezekana kabisa? Hata ukinitumia sauti ya nusu dakika nitashukuru."

Ile sentensi ya duka la mbao ilinichukua muda. Mume wangu aliona namfungulia mlango wa kuomba zaidi. Niliiacha ibaki, ila hela isipite mkononi kwa fundi.

JUMAMOSI, TAREHE 21

Nilichofuta safari hii ni sauti ya dakika mbili, nafoka mwanzo mwisho. Nilijisikiliza nikaona aibu, nikasubiri mpaka baada ya chai.

Niliotuma:
"Kaka, habari za asubuhi? Huu ni ujumbe wangu wa tano tangu tarehe 12. Heshima yangu kwako iko pale pale. Kazi yako niliiona kwa jirani yangu, ndiyo maana nilikuja kwako.

Jumatatu tarehe 23, saa nne asubuhi, nitapita hapo karakana. Nitakuja na kaka yangu mkubwa, na ile karatasi uliyonisainia ya laki tano. Kama kitanda kimeanza, nitafurahi kukiona hata kikiwa fremu tupu, na tutapanga siku mpya hapo hapo. Kama hakijaanza, naomba tuandikiane namna ya kurudisha hela: laki tatu siku hiyo hiyo, ili niwahi kununua kitanda kilicho tayari, na laki mbili zilizobaki ifikapo tarehe 30.

Siji kugombana. Kama Jumatatu saa nne haikufai, nitajie saa nyingine leo kabla ya saa mbili usiku, nami nitaifuata. Nisipopata neno lolote, nitafika saa nne. Nisalimie vijana wa hapo karakana."