Mpango wa Wiki Nne wa Kupumzisha Ngozi ya Kichwa Baada ya Kufumua Rasta

Mpango huu umeandaliwa na saluni yetu ya Mtwara mjini kwa ajili ya Mwalimu, mteja wetu wa Shangani, aliyefumua rasta Ijumaa jioni baada ya kukaa nazo miezi mitatu.

Hali tuliyoikuta. Mashina ya rasta yalikuwa yamezungukwa na uchafu mweupe ulioganda, kisogoni pana mba, nyuma ya masikio pana vipele vidogo visivyo na usaha, na nywele za juu ya paji la uso zimepungua. Rundo la nywele lililobaki kwenye kiti lisikutishe, Mwalimu. Kichwa hupoteza kwa kawaida nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zilizotoka kwa miezi mitatu zilikuwa zimenaswa humo humo ndani ya rasta. Kinachotupa wasiwasi ni hapo pembeni, juu ya paji la uso, kwa sababu nywele zikivutwa kwa muda mrefu vinyweleo vyake huweza kufa, na vikishafa nywele hazioti tena.

Wiki ya kwanza. Anza kwa kupiga picha ya paji la uso dirishani. Jumamosi usikimbilie maji. Ule uchafu wa mashinani ukilowa kabla ya kuchanwa, nywele hufungana mafundo ambayo dawa yake huishia kuwa mkasi. Gawa nywele mafungu sita, paka kila fungu kondishena nyepesi, tegua uchafu kwa vidole, kisha chana kwa chanuo la meno mapana ukianzia nchani na kurudi shinani. Fungu moja likimalizika, lisokote na ulibane kando ndipo uguse linalofuata.

Baada ya hapo osha kwa maji ya uvuguvugu na shampuu uliyoichanganya na maji kidogo, ukisugua ngozi kwa ncha za vidole wala si kwa kucha, hata pale panapowasha sana. Osha mara mbili, suuza mpaka maji yatoke meupe, na kondishena ipake kwenye nywele tu. Kausha kwa kubonyeza na taulo, bila drai. Kwa joto na unyevunyevu wa huku kwetu, nywele mbichi zikifunikwa ushungi ngozi hushinda imelowa na mba hupata nguvu. Kwa hiyo osha siku ambayo huna safari ya asubuhi, na ushungi uvae nywele zikiwa zimekauka kabisa.

Jumatano osha kwa shampuu ya mba yenye ketokonazo asilimia 2, ambayo hupatikana duka la dawa. Iache kichwani dakika tano kisha uisuuze. Kama una ujauzito au unanyonyesha, mwambie mfamasia kabla ya kununua.

Najua nyumbani utaambiwa upake mafuta ya nazi ili muwasho utulie. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele zenyewe, hasa yakipakwa kabla ya kuosha, lakini yasiguse ngozi yenye mba, kwa kuwa fangasi wanaohusika na mba hujilisha mafuta. Limau, siki na spiriti navyo viwekwe mbali na vipele.

Wiki ya pili. Endelea na ratiba ile ile ya Jumamosi na Jumatano. Kazini nenda na misokoto minene isiyobana, na usiku funga kitambaa cha satini bila kukikaza kwenye paji la uso. Usivute nywele nyuma kwa raba, wala usipake jeli za kulaza nywele za pembeni.

Wiki ya tatu. Hata mba ukiwa umepungua, shampuu ya dawa iendelee kutumika mara moja kwa wiki. Jumamosi, baada ya kuosha, acha kondishena nzito chini ya kofia ya plastiki kwa nusu saa, bila moto.

Wiki ya nne. Piga picha ya paji la uso dirishani, mahali pale pale ulipopiga wiki ya kwanza. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo usitarajie pembeni pajae. Tafuta vinywele vifupi vipya. Najua msimu wa korosho ukifika harusi hufuatana, na kila mtu hutaka kusuka. Ngozi ikiwa haiwashi wala haiumi, tutakusuka matuta manene, tukiziacha nje nywele za pembeni, na yafumuliwe kabla ya wiki sita. Ikiwa bado inauma, hatutakusuka hata ukituongezea pesa.

Usisubiri wiki ziishe ukiona usaha, tezi za shingo zilizovimba, mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, au ngozi inayong'aa bila vinyweleo. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Mabaka yakionekana kwa mtoto nyumbani huenda ni mapunye, ambayo huambukiza, hivyo kila mmoja awe na chanuo lake.

Jumamosi ya nne njoo asubuhi, bila kupaka chochote kichwani tangu siku iliyotangulia, ili tuione ngozi ilivyo.