Mwanafunzi Mwenye Njaa na Mwenye Msongo: Ngazi ya Mahitaji ya Maslow Darasani

Somo: Saikolojia ya Elimu

Swali: Kwa kutumia nadharia ya ngazi ya mahitaji ya Abrahamu Maslow, jadili jinsi njaa na msongo wa mawazo vinavyoathiri ujifunzaji, na hatua ambazo mwalimu anaweza kuchukua. Tumia mifano kutoka katika mazoezi yako ya kufundisha.

Wiki ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, niliandika maneno mawili kwenye daftari langu kuhusu mwanafunzi mmoja wa darasa la tano: "Mvivu. Hajali." Kwenye insha hii nitamwita Yohana, ingawa si jina lake. Kipindi cha pili cha hisabati alikuwa analaza kichwa juu ya dawati. Nikimuuliza swali, alinitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Anayeijua Dodoma anajua mwezi huo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo shule zinapofunguliwa mtama na uwele bado ni vichanga shambani, na kilichovunwa mwaka uliopita kinaelekea kwisha ghalani. Ndio mwezi wa kulima kuliko yote, na ndio mwezi wa kula kidogo kuliko yote. Yohana alitembea karibu kilomita 5 kuja shuleni, na siku nyingi kilichokuwa kimeingia tumboni mwake ni ubuyu aliomung'unya njiani. Mimi nilikuwa nimekunywa chai na chapati. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye shibe siku ile nilikuwa mimi.

Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1908 na 1970, aliieleza nadharia yake katika makala ya mwaka 1943, kisha akaipanua katika kitabu cha mwaka 1954. Alisema mahitaji ya binadamu yana mpangilio: kwanza mahitaji ya mwili kama chakula, maji na usingizi, halafu usalama, halafu upendo na kukubalika na wenzake, halafu kuheshimiwa na kujithamini, na juu kabisa, kuufikia uwezo wote alionao mtu. Hitaji la chini likiwa halijatoshelezwa, ndilo linaloshika usukani wa mawazo. Kwa mtu mwenye njaa kali, dunia nzima inageuka kuwa chakula.

Kauli hiyo inaeleweka vizuri tukiutazama mwili wenyewe. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wake, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili akiwa amepumzika, na kwa mtoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Nishati hiyo hutokana hasa na glukosi. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kunamtaka mtoto ashike mambo matatu au manne kichwani kwa wakati mmoja: asili ya pamoja, namba anayozidishia, namba anayoibeba. Yohana alikuwa anaijua hatua ya kwanza. Kufikia ya tatu, ya kwanza ilikuwa imeshampotea.

Hapa ningeweza kuhitimisha kwamba mtoto apewe uji kisha afundishwe, na wengi wetu darasani tunaielewa nadharia hii hivyo. Naamini tunakosea. Shuleni kulikuwa na uji, saa nne asubuhi. Ada imefutwa katika elimu ya msingi, lakini chakula katika shule nyingi za kutwa bado kinategemea michango ya wazazi, na pale kila mzazi alitakiwa kuleta debe la mahindi. Kwa Yohana halikuletwa. Watoto ambao kwao hawakuchangia walipanga mstari wao wa pembeni, wakasubiri wenzao wamalize ndipo wapewe kilichobaki. Yohana hakuusogelea mstari ule hata siku moja. Alikwenda nyuma ya darasa, akachora chini kwa kijiti mpaka kengele ilipolia. Nilipomuuliza kama hana njaa, alijibu, "Nimeshiba, mwalimu."

Kwa piramidi ya ngazi hizo tunayochorewa ubaoni, jibu lile haliwezekani. Mtoto mwenye njaa hapaswi kuchagua heshima na kuacha uji. Lakini piramidi hiyo haimo katika makala ya Maslow. Walioichora ni watu wa baadaye. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mpangilio haukukazwa kama tunavyodhani, kwamba wapo watu ambao kwao heshima hutangulia, na kwamba hitaji moja halingoji jingine litimie asilimia 100 ndipo lijitokeze. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipande cha nadharia kinachomhusu zaidi mwalimu wa Dodoma. Mstari wa pembeni ulitaka kujaza ngazi ya kwanza kwa kuivunja ya tatu na ya nne, na mtoto akakosa zote.

Nilizungumza na mwalimu wa darasa, naye akalifikisha kwa mwalimu mkuu. Ilikubaliwa kwamba deni la debe ni jambo la kamati ya shule na mzazi, na kwamba mstari uwe mmoja. Siku ya tatu Yohana alipanga. Niliomba pia hisabati ya darasa la tano ihamie baada ya mapumziko, na mwalimu wa taaluma akabadilishana vipindi viwili kati ya vitano. Hakugeuka kuwa wa kwanza darasani, lakini aliacha kulala, na zoezi la sehemu alipata 6 kati ya 10.

Msongo wa mawazo ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu hauna saa ya uji. Darasa la saba alikuwepo msichana nitakayemwita Neema. Mama yake alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyechota maji na kuwaandaa wadogo zake wawili kabla ya kuja shule. Alichelewa, na aliyechelewa alichapwa getini. Kwa Maslow, hitaji la usalama ni kuwa na mazingira yanayotabirika, na Neema hakuwa nayo nyumbani wala shuleni. Mwili unapohisi hatari hutoa homoni kama kotisoli, na macho ya akili yanaelekea kwenye hatari hiyo. Mtoto anasikiliza hatua za mtu anayepita dirishani kuliko maelezo ya mwalimu. Niliona kwamba daftari lake lilikuwa na kichwa cha somo na tarehe kila siku, kwa mwandiko mzuri, halafu mistari miwili, halafu nafasi tupu.

Kumponya mama yake ni jambo lililo nje ya uwezo wa mwalimu, na nadharia inayomtwika mwalimu mzigo huo haimtendei haki. Kilicho ndani ya uwezo wake ni kuifanya shule isiwe hatari ya pili. Mwalimu wa ushauri nasaha alimsikiliza, akamwona bibi yake, na suala la nyumbani likapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Uongozi ulikubali asichapwe kwa kuchelewa. Mimi nilimwekea dawati karibu na mlango, na rafiki yake akawa anamwachia daftari lililofunguliwa kwenye ukurasa tulipofikia.

Wiki yangu ya mwisho bado alichelewa siku tatu. Tofauti ni kwamba alikuwa hasimami tena nje akisubiri kuitwa. Aliingia, akaketi, akaanza kunakili.