Dozi za dawa za mifugo kwa uzito: maelekezo ya kwenye makaratasi, kwa kiswahili chetu

Habari za malishoni wazee wangu, kina mama na vijana wa machungani. Jumamosi tunanywesha dawa ya minyoo na wengi mmeniomba yale makaratasi yaliyomo kwenye maboksi ya dawa niyaweke kwa kiswahili, haya ndo hayo. Someni mpaka mwisho kabla hujafungua chupa, na kama kuna kijana ndo anashika bomba la sindano basi msomeeni na yeye.

Kwanza uzito, maana bila kilo hakuna dozi. Usikadirie kwa macho, ng'ombe mwenye manyoya mengi anadanganya na aliyekonda anadanganya pia. Chukua futi ya fundi nguo, mzungushe kifuani nyuma kabisa ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu, asimame sawa miguu yote minne, futi ikaze lakini isimbane. Hiyo ni sm za kifua. Alafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka lile fupa la matako pembeni ya mkia. Hesabu kwenye simu ni hii:

```
kifua x kifua x urefu ÷ 10840 = kilo
```

Mfano mtamba ana kifua sm 140 na urefu sm 120. 140 mara 140 ni 19600, mara 120 ni 2352000, gawa kwa 10840 unapata kilo 217. Hapo mchukulie ni kilo 220, ukipandisha kidogo hivyo haina shida kwa dawa ya minyoo, kushusha ndo kubaya. Mwanambuzi au mwanakondoo ni rahisi, panda kwenye mzani mwenyewe, soma, mbebe upande naye tena, toa. Wakubwa wasiobebeka waning'inize na gunia kwenye mzani wa ndoano.

Cha pili ni nguvu ya dawa, na hapa ndo watu wanaumizana. Chupa ya albendazoli ipo ya 10% na ipo ya 2.5%, maji ya dawa yanafanana kabisa, weupe ule ule. Asilimia ukizidisha mara 10 unapata miligramu kwenye kila mil moja, kwahiyo ya 10% ina miligramu 100 kwa mil na ya 2.5% ina 25. Kondoo wa kilo 30 anakunywa mil 6 za ile ya 2.5%. Ukimpa mil 6 za ya 10% umempa mara nne ya dozi yake, na ukigeuza kwa ng'ombe, yani umnyweshe ya 2.5% kwa mil za ya 10%, umempa robo tu, minyoo inapigwa kofi inaamka na baadae hiyo dawa haiisikii tena. Kwahiyo soma asilimia kwenye chupa kila mara, hata kama umeinunua duka lile lile.

Albendazoli (minyoo), ya kunywesha
Ng'ombe, chupa ya 10%: mil 7.5 kwa kila kilo 100. Ndama wa kilo 50 weka mil 4, wa kilo 100 mil 7.5, kilo 200 mil 15, kilo 300 mil 22.5, kilo 400 mil 30. Kama daktari amesema wana minyoo ya ini inakuwa mil 10 kwa kila kilo 100, hiyo inaua ile mikubwa tu, michanga inabaki.
Kondoo, chupa ya 2.5%: mil 2 kwa kila kilo 10, ya minyoo ya ini mil 3. Mbuzi sio kondoo mwenye ndevu, mwili wake unaitoa dawa haraka na dozi ya kondoo mara nyingi haimtoshi, ya mbuzi mpangiwe na daktari wa mifugo kwa kilo zake.
Ng'ombe aliyepandwa ndani ya siku 45 na kondoo ndani ya siku 30 msiwape, mimba changa inaharibika. Kama dume linatembea na kundi na hujui nani kapandwa lini, mtenge huyo tuulize kwanza.

Kunywesha: kichwa kibaki sawa na mgongo, usimuinue pua juu kama anaangalia mwezi, dawa inaingia kwenye mapafu na huyo atakufa kwa kichomi sio kwa minyoo. Ingiza mdomo wa chupa pembeni pale pasipo na meno, peleka mpaka nyuma ya ulimi, mimina taratibu, akikohoa mwachie kichwa apumue. Chupa za soda za kioo tuache jamani, akiitafuna imevunjika.

Aivamektini 1% (minyoo ya ndani, upele, chawa), sindano
Mil 1 kwa kila kilo 50. Kondoo wa kilo 25 ni nusu mil, kwahiyo tumia bomba dogo la mil 1 au 2, kwenye la mil 20 nusu hata huioni. Ng'ombe wa kilo 300 mil 6. Inachomwa chini ya ngozi tu, vuta ngozi ya shingo ifanye kama hema uchome ndani ya hema, sio kwenye nyama na sio kwenye mshipa. Ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya watu asichomwe hii. Na mbwa wa machungani msiwapunguzie kidogo kwenye hiyo chupa, dozi ya ng'ombe inaweza kumuua.

Oksitetrasaiklini, sindano ya kwenye nyama ya shingo
Hii sio ya minyoo na sio ya kila anayekohoa, mchome aliyeonwa na daktari. Zipo mbili na mil zinalingana, zote mil 1 kwa kila kilo 10, ila ya 10% inarudiwa kila siku kama daktari alivyopanga na ya 20% iliyoandikwa LA inakaa mwilini siku kama 3, ukiichoma kila siku unamzidishia. Ng'ombe wa kilo 250 ni mil 25, usizimwage sehemu moja, mwisho mil 10 kwa tundu, kwahiyo matundu matatu, kulia na kushoto.

Amitrazi ya kupe haiendi kwa kilo, inaendana na maji: ya 12.5% ni mil 2 kwa lita 1, bomba la lita 20 mil 40. Punda na farasi wasipuliziwe kabisa.

Mkiwa na kundi kubwa na hakuna muda wa kupima wote, gawanyeni makundi ya wanaolingana, pimeni yule mzito kuliko wote kwenye kundi na wenzake wote wapate dozi ya huyo. Msichanganye ndama na madume.

Kila aliyepewa dawa mpige alama ya rangi mgongoni na mwandike tarehe. Siku za kuacha maziwa na nyama zimeandikwa kwenye kila chupa, zinahesabiwa kuanzia dozi ya mwisho, na za LA kwa nyama ni wiki sio siku mbili tatu. Kama mna mteja wa nyama wiki ijayo, mnyama wake asiingie kwenye foleni.

Jumamosi waleteni mapema kabla hawajaenda malishoni, kila boma lije na futi yake na simu yenye chaji ya kupigia hesabu. Sindano zilizotumika zirudi kwangu kwenye dumu lenye kifuniko.