Taarifa ya uchambuzi wa mauzo na wateja, Julai 2024 hadi Juni 2025

Chake Chake, 14 Julai 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi na wabia wenzake,

Assalaam alaykum.

Katika kikao cha Mei mliniagiza nieleze kwa nini gari na watu wetu sita wanachoka kila siku ilhali faida haiongezeki. Nimepitia risiti zote za mwaka mzima na kuzipanga kwa kufuata kanuni ya themanini kwa ishirini, isemayo kwamba takriban asilimia 80 ya matokeo hutokana na asilimia 20 ya vyanzo, na ambayo asili yake ni mchumi Mwitaliano Vilfredo Pareto, aliyeona mwishoni mwa karne ya 19 kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Italia ilimilikiwa na watu wachache. Kanuni hii si sheria, na hesabu zake hazilazimiki kutoka 80 na 20 kamili. Kazi yake ni kutuonesha mahali mali na jasho vinapokusanyika.

Nimepanga bidhaa zetu 64 kuanzia iliyouza zaidi hadi iliyouza kidogo kabisa, kisha nikatafuta mchango wa kila moja ukijumlishwa na wa zile zilizoitangulia, kwa fomula hii iliyomo katika jedwali la kompyuta pale ghalani:

```
=SUM(C$2:C2)/SUM(C$2:C$65)
```

Wateja 87 nimewapanga kwa njia hiyo hiyo katika ukurasa wa pili.

Mauzo ya mwaka yalikuwa shilingi milioni 612. Bidhaa 13 za mwanzo zimeleta milioni 488, yaani asilimia 79.7; bidhaa 19 zinazofuata zimeleta milioni 92; na bidhaa 32 za mwisho, ambazo ni nusu ya kila tulichonacho ghalani, zimeleta milioni 32 tu. Katika zile 13, sukari, mchele, unga wa ngano na mafuta ya kula peke yake zimefikisha milioni 397. Hadi hapa hakuna jipya, kwani kila mmoja wetu angeweza kuyasema hayo bila ya kufungua daftari.

Jipya lilijitokeza nilipoacha mauzo na kupanga bidhaa hizo hizo kwa faida ghafi, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa shilingi milioni 47.6. Sukari iliuzwa kwa milioni 131 lakini ilituachia milioni 3.9 tu, kwa sababu bei yake inajulikana na kila mwenye duka, na polo moja halituachii zaidi ya asilimia tatu. Sabuni za unga na za mche ziliuzwa kwa milioni 24, na zikatuachia milioni 3.6. Hivyo basi shilingi milioni 131 tulizozungusha, kuzipakia bandarini Malindi, kuzipakua Mkoani na kuzibeba mgongoni hadi ghalani, zimetupa karibu sawa na sabuni ambazo mara mbili mwaka huu tuliishiwa nazo kwa wiki nzima kwa kuwa fedha zote zilikuwa zimelala kwenye sukari. Kosa la kuishiwa ni langu, kwani mimi ndiye niliyeandika maagizo, na niliyaandika kwa kutazama ukubwa wa mauzo.

Hata hivyo sishauri tupunguze sukari. Nilichukua risiti 60 zenye sabuni ndani yake, nikakuta 47 kati yake zina sukari au mchele pia. Mwenye duka hutupigia simu kwa sababu ya sukari, na akishapiga ndipo huongeza sabuni, tambi na nyanya za kopo. Tukiikosa sukari wiki moja kabla ya Ramadhani tutawakosa wateja wenyewe. Ninachoomba ni kwamba sabuni, maziwa ya unga, tambi na majani ya chai ziwekewe akiba ya wiki tatu isiyoguswa, na fedha za sukari zitoke katika kinachobaki baada ya hapo.

Kwa upande wa wateja, 17 kati ya 87 wamenunua mali ya milioni 471, sawa na asilimia 77. Wateja 28 wa kati wamenunua kwa milioni 104, na 42 wa mwisho kwa milioni 37. Gari letu lilifanya safari 402, na safari 171 zilikwenda kwa wale 42 peke yao. Kila safari inatugharimu wastani wa shilingi 45,000 za mafuta na wachukuzi, kwa hiyo tumetumia shilingi 7,695,000 kuwafikia watu ambao faida yao ghafi haikufika milioni 4.

Mwezi uliopita nilifuatana na dereva hadi kwenye kivuko cha Kojani. Tulikuwa na polo moja la sukari, katoni ya viberiti na katoni mbili za biskuti kwa duka moja. Tulifika saa tatu asubuhi, chombo kikaja baada ya adhuhuri, na wakati huo wote mteja wetu mkubwa wa Konde, ambaye peke yake amenunua kwa milioni 74, alikuwa akipiga simu kuuliza unga wake uko wapi. Jioni alinunua polo kumi kwingine. Mwenye duka wa Kojani hana kosa lolote. Ni mtu mwema na hulipa taslimu. Ni sisi tuliochagua njia ghali ya kumhudumia.

Napendekeza kwa hiyo kwamba wateja 17 wapigiwe simu kila Jumamosi na wapelekewe mali siku maalumu, Konde na Wete Jumatatu na Jumatano, Mkoani na Mtambile Jumanne na Alhamisi. Wale 42 tusiwaache. Tuwaombe wenye maduka ya jumla wa Konde, Wete na Mkoani wawauzie kwa bei yetu, nasi tuwape hao wenye maduka punguzo la asilimia mbili. Atakayetaka gari letu aagize mali isiyopungua shilingi 400,000, peke yake au pamoja na jirani zake. Wapo wawili katika kundi hili walioanza kununua Aprili na ambao wanapanda kila mwezi. Hao waendelee kupelekewa kama sasa hadi Disemba.

Ukubwa wa mteja usitufumbe macho juu ya madeni. Tunadai jumla ya milioni 58, na milioni 14 ziko kwa mmoja wa wale 17, zikiwa zimepita siku 60. Mauzo yake yanapendeza kwenye jedwali, lakini hayajawa fedha. Namwomba Bwana Mkurugenzi azungumze naye mwenyewe, kwa kuwa wanafahamiana tangu zamani, na mali mpya isitoke kwake ila kwa taslimu mpaka deni lishuke chini ya milioni 5.

Katika bidhaa 32 za mwisho, 21 tusiziagize tena zikishamalizika. Kumi na moja zilizobaki, zikiwemo chumvi na viberiti, zibaki kwa sababu hazihitaji fedha nyingi na wateja wakubwa huziulizia.

Mavuno ya karafuu yakianza, fedha zitaongezeka vijijini na wateja wa kati huenda wakapanda, kwa hiyo nitaipanga upya orodha hii mwisho wa Oktoba. Naomba idhini yenu kabla ya Jumatatu, tarehe 21 Julai, ili ratiba mpya ya gari ianze wiki hiyo hiyo.

Wenu mtiifu,
Msimamizi wa mauzo na ghala